Kwa Nini Yai Jipya Huzama na Yai la Zamani Huelea

Msumari mdogo ukiutia majini unazama hapo hapo, ilhali gogo kavu la mwembe ambalo watu wanne hawaliinui linaelea. Basi uzito peke yake hauamui. Kinachoamua ni densiti, yaani uzito wa kitu ukigawanywa kwa nafasi ambayo kitu hicho kinaichukua.

Chukua yai lililotagwa karibuni. Tuseme mizani inasoma gramu 54. Jaza bakuli maji mpaka ukingoni, liweke juu ya sinia, kisha lizamishe yai taratibu. Maji yanayomwagika kwenye sinia yavute kwa bomba la sindano uyapime: ni kama mililita 50. Gawanya 54 kwa 50, unapata 1.08. Mililita moja ya maji ya bomba ina gramu 1, kwa hiyo yai limeyashinda maji kidogo tu.

Maji nayo hayakai kimya. Yanalisukuma yai juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondoshwa. Ndiyo kanuni ya Archimedes. Hapa yaliyoondoshwa ni gramu 50. Yai lina 54. Pengo ni gramu nne, na hizo nne ndizo zinazolilaza chini ya bakuli.

Pengo hilo unaweza kuliziba kwa chumvi. Katika nusu lita ya maji tia kijiko cha mezani kimoja kimoja, ukikoroga mpaka chumvi iyeyuke yote, maana ikibaki chini haikusaidii kitu. Kwenye kijiko cha nne hivi, yai litapanda lenyewe. Halikubadilika hata chembe; maji ndiyo yaliyoongezeka uzito. Wengi hudhani maji ya bahari yangetosha, lakini densiti yake ni kama 1.025 tu. Yai hili ukilitia baharini pale Kunduchi litazama vilevile.

Sasa liache yai jingine kabatini kwa wiki kadhaa. Ganda lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na unyevu hutokea humo huku hewa ikiingia na kukusanyika upande wa butu. Ukubwa wa yai ni ule ule, uzito unapungua. Kwanza litasimama wima chini ya bakuli, butu likitazama juu. Likishapoteza zaidi ya zile gramu nne, linaelea kwenye maji ya kawaida bila chumvi.

Ndiyo maana akina mama hupima mayai kwa bakuli la maji. Kipimo hicho, hata hivyo, kinaeleza umri wa yai, si ubovu wake: kuna la zamani linaloelea na bado halijaoza, na lililozama huweza kuwa na vijidudu. Kwa hiyo yai likielea, livunjie kwanza kwenye kikombe cha pembeni ulinuse, kabla hujalichanganya na mengine.