Karafuu Zilizo Juu ya Mti Zina Thamani Gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii nataka tulitazame jambo hilo kwa upande wake wa pili, maana nimeona kwa macho yangu kwamba mali inaweza kuwa ndani ya daftari, tena kwa maandishi mazuri ya wino, na huko shambani isiwepo.

Nilikuwa Pemba, karibu na Wete, nikafuatana na mkaguzi wa hesabu katika shamba la kampuni ya ndugu wanne. Mmoja wao anaishi Maskati, naye alitaka kujitoa na kulipwa robo yake. Watatu waliobaki walikuwa tayari kukopa benki ili wamlipe. Hesabu zao zilifungwa tarehe 30 Juni, na katika hesabu hizo karafuu zilizokuwa bado mtini ziliandikwa shilingi 35,280,000, na ng'ombe 46 wakaandikwa shilingi 41,400,000. Benki ikasema haitoi hata senti moja mpaka mkaguzi afike.

Kabla hatujaingia shambani, inafaa tujue kanuni yenyewe. Wahasibu wa dunia wana Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41, kilichoanza kutumika mwaka 2003, kinachohusu mali zenye uhai, yaani mifugo na mimea ya shamba. Meza hununuliwa ikachakaa, lakini ndama hukua na muhogo hunenepa ardhini bila ya mtu kununua kitu kipya. Kwa sababu hiyo kiwango hicho kinataka mali hai iandikwe kwa thamani ya haki ya siku ya kufunga hesabu, yaani bei ambayo mnunuzi na muuzaji wa kawaida wangekubaliana siku hiyo, ikipunguzwa gharama za kuuzia kama vile ada ya dalali. Ongezeko la thamani huingia moja kwa moja kwenye faida ya mwaka, ingawa fedha yenyewe haijaonekana.

Na mkarafuu je? Hapa wengi hukosea. Tangu mwaka 2016 mti unaozaa miaka mingi, kama mkarafuu au mnazi, umetolewa katika kanuni hiyo. Mti wenyewe sasa huandikwa kama jengo: gharama ya kuupanda na kuulea mpaka uzae, kisha hupunguzwa uchakavu kila mwaka. Lakini karafuu zilizo juu yake zimebaki kuwa mali hai na zinataka thamani ya haki. Kwa hiyo mkaguzi akisimama chini ya mkarafuu mmoja anatazama vitu viwili, na kila kimoja kina hesabu yake.

Sasa twende shambani. Tulifika tarehe 14 Julai. Nilimuuliza mkaguzi zile milioni 35 zilipatikanaje. Akanionyesha: mikarafuu 420, mara kilo 6 za karafuu kavu kwa kila mti, mara shilingi 14,000 kwa kilo. Hesabu ya kuzidisha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya kila tarakimu.

Alianza na miti. Alipita safu kwa safu na vijana wawili, kila mti uliohesabiwa ukipigwa alama ya chokaa ili usirudiwe. Ilipatikana miti 388. Iliyobaki 32 ilikuwa visiki, mingine imekufa kwa maradhi na mingine imekatwa kuni, na daftari halikuwa na habari. Kisha akauliza mingapi ina vikonyo msimu huu, kwani mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ikatokea kuwa ni 240.

Pili, zile kilo 6. Msimamizi alizitoa katika msimu mmoja uliopita, msimu wa neema kubwa. Mkaguzi akaomba stakabadhi za mauzo za misimu mitano. Kwa bahati nzuri karafuu ya Zanzibar si bidhaa ya kuuzwa kiholela. Kwa miaka mingi mnunuzi wake kisheria amekuwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kila anayepeleka kituoni hupimiwa na kupewa stakabadhi. Karatasi hizo zilionyesha kwamba ule msimu wa kilo 6 ulikuwa peke yake. Mkaguzi akachagua miti 24 kutoka pande zote za shamba, si ile ya njiani tu inayopendeza, akawaomba wachumaji wawili wazoefu wakadirie kila mti, kila mmoja peke yake bila ya kumsikia mwenziwe. Wastani ukawa kilo 3 kavu.

Tatu, bei. Shilingi 14,000 ni bei ya karafuu iliyokwisha chumwa, ikachambuliwa makonyo, ikaanikwa ikakauka na kufikishwa kituoni. Karafuu mbichi hupoteza kama thuluthi mbili za uzito wake juani. Mtu anayenunua karafuu ikiwa bado mtini, kama anavyofanya anayekodi shamba kwa msimu, hatatoa bei ya karafuu kavu, maana kazi yote hiyo anajua itamwangukia yeye. Katika shamba hili kuchuma, kuanika na kusafirisha kulikadiriwa shilingi 5,000 kwa kila kilo kavu. Ikabaki 9,000. Mnunuzi huyo pia angepunguza kitu kwa hatari ya mvua kunyesha karafuu ikiwa juu ya majamvi, na mkaguzi akakubali asilimia 10.

Haya, tuhesabu pamoja. Miti 240 mara kilo 3 ni kilo 720. Kilo 720 mara shilingi 9,000 ni 6,480,000. Toa asilimia 10, unabaki na shilingi 5,832,000. Kutoka milioni 35 tumeshuka mpaka chini ya milioni 6, na hakuna aliyeiba hata kikonyo kimoja.

Nikamwuliza, "Na wewe una hakika gani na hizo kilo 3?" Akasema hakika itakuja na mavuno. Ile miti 24 ilichumwa peke yake, karafuu zake zikaanikwa jamvi la peke yake, na zilipopimwa zikatoa kilo 70, yaani karibu sawa na makadirio. Lakini alinitahadharisha kwamba ushahidi wa baadaye una mpaka wake. Mavuno yanaweza kuthibitisha kilichokuwa mtini tarehe 30 Juni. Kama dhoruba ingeangusha nusu ya karafuu mwezi wa Agosti, hiyo ingekuwa hasara ya mwaka mpya, na thamani ya Juni isingeguswa.

Upande wa ng'ombe ulikuwa na mafunzo yake. Pemba ng'ombe wengi hufungwa kamba, huyu chini ya mwembe, yule bondeni, na hiyo ni nafasi nzuri ya mnyama mmoja kuhesabiwa mara mbili. Mkaguzi alikuja alfajiri bila ya kutoa taarifa, kabla kamba hazijafunguliwa, akaweka mtu kila upande wa shamba wahesabu kwa wakati mmoja, na kila ng'ombe akapakwa rangi pembeni au mgongoni. Walipatikana 45. Wawili, mchungaji alisema, ni wa jirani aliyesafiri. Wakatolewa, maana kumwona mnyama hakumfanyi kuwa wako. Wakabaki 43.

Lakini hiyo ilikuwa Julai 14, na hesabu ni ya Juni 30. Kwa hiyo ilibidi kurudi nyuma. Baada ya Juni walizaliwa ndama wawili, hao wanatolewa, na aliuzwa dume mmoja, huyo anarudishwa. Jawabu ni 42. Daftari lilisema 46: mwanzo wa mwaka 38, waliozaliwa 11, walionunuliwa 2, waliouzwa 4, aliyekufa 1. Wanne wako wapi?

Mkaguzi alikuwa amekwisha kushuku kabla ya kuhesabu. Kifo kimoja mwaka mzima, tena cha ng'ombe mzima, katika nchi yenye kupe na ndigana inayoua ndama? Akalitazama daftari la maziwa. Majike wanne walikuwa wameacha kukamuliwa mapema mno. Ng'ombe wetu wa kienyeji mara nyingi huzuia maziwa asipomwona ndama wake, kwa hiyo maziwa yakikatika ghafla kuna jambo la kuuliza.

Akamwendea mchungaji, akamwamkia, "Shikamoo mzee." Baada ya marahaba na kujuliana hali akauliza taratibu, "Mzee, ndama wa hawa wanne wako wapi?"

Mzee akajibu bila ya kuficha, "Wamekufa, mwanangu. Akizaliwa ndama nalipwa bakhshishi, basi huandikwa. Akifa hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hapo nilielewa kwamba kosa la daftari halikuanzia kwenye kalamu. Walikuwa wamepanga malipo ya habari njema tu, na habari mbaya haikuwa na mlango wa kuingilia.

Ikabaki thamani. Kampuni iliwapigia ng'ombe wote 46 shilingi 900,000 kila mmoja, bei ya ng'ombe mzima, hata ndama anayenyonya. Mkaguzi aliwagawa kwa umri, akitazama meno, kwa kuwa ndama huwa na meno ya utoto mpaka afike kama miaka miwili. Wazima 20 kwa 900,000, wa umri wa kati 15 kwa 500,000, ndama 7 kwa 250,000, bei alizoziuliza yeye mwenyewe kwa wanunuzi. Jumla ni shilingi 27,250,000. Baada ya kutoa asilimia 5 ya dalali na ushuru, ikawa 25,887,500.

Ukijumlisha karafuu na ng'ombe, hesabu za mwanzo zilizidi kwa shilingi 44,960,500. Robo ya ndugu wa Maskati katika ziada hiyo ni shilingi 11,240,125. Watatu hawa wangekopa milioni 11 na kuzilipia riba, kwa ajili ya karafuu ambazo hazikuwepo mtini na ndama waliokwisha kuzikwa. Na wangempelekea ndugu yao kwa moyo mweupe.

Yule wa Maskati alipopigiwa simu hakufurahi, ni binadamu. Alidhani amefanyiwa hila. Mkaguzi akamtumia orodha ya miti, stakabadhi za misimu mitano na karatasi ya kuhesabia ng'ombe yenye sahihi ya mchungaji. Baada ya siku tatu akapiga simu yeye mwenyewe, na swali lake lilikuwa moja tu, kama mzee ataendelea kulipwa bakhshishi ya ndama. Wakamwambia ndiyo, lakini sasa atalipwa ndama akifika miezi sita, na kila kifo kitaandikwa siku ile ile.