Jike mmoja wa panya shamba, na kwa nini Februari si sawa na Agosti

Tuseme uko Ruponda, mvua za Desemba zimeshika, majani mabichi yameota hadi nyuma ya nyumba. Usiku mmoja katikati ya Januari unasikia mkwaruzo kwenye kona ya stoo. Asubuhi unaona vinyesi vitatu vinne, basi. Unajiambia, "Ah, panya mmoja tu huyo," unaendelea na palizi.

Hebu tumfuatilie huyo mmoja. Kwa huku kwetu kuna uwezekano mkubwa ni panya shamba, kitaalamu Mastomys natalensis, yule wa kahawia ambaye jike wake anaweza kuwa na chuchu hadi 24. Chuchu hizo zina kazi. Anabeba mimba siku 23 hivi, na uzao wa watoto 10 hadi 12 kwake ni jambo la kawaida. Akishazaa anaweza kupandwa tena siku hizohizo, kwa hiyo wakati ananyonyesha kundi la kwanza, la pili tayari liko tumboni.

Sasa tupige hesabu, tena kwa kuwabana kidogo. Jike na dume wake mmoja. Kila mwezi anazaa 12, nusu wanakufa kwa bundi, nyoka, paka na njaa, wanabaki 6: majike 3, madume 3. Anaanza kuzaa Februari. Mwisho wa Februari wako 8, Machi 14, Aprili 20, Mei 26. Mpaka hapo aliyezaa ni mama peke yake.

Juni ndipo mambo yanapobadilika. Mabinti wa Februari walipofika miezi mitatu hivi walishika mimba, sasa wanazaa. Majike wanaozaa ni 4, wanaongezeka 24, jumla 50. Julai wanaingia mabinti wa Machi: wazazi 7, jumla 92. Agosti wazazi ni 10, jumla 152.

Usiichukue hesabu hii kama utabiri. Nimemwachia mama aishi miezi yote, na porini wengi hawafiki huko. Kubwa zaidi, panya shamba anazaa kwa kufuata mvua. Kiangazi kikikaza na majani kukauka, wengi shambani husimama kuzaa, na mabinti waliozaliwa msimu huohuo mara nyingi husubiri mvua zijazo. Hapo unabaki na ile hesabu ya mama peke yake, yaani 26 hivi. Lakini mvua ikiwahi au ikirefuka, mabinti hawasubiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamewatega panya hawa kwa miaka mingi na wakaonyesha hilo: mvua nyingi za mwanzo wa msimu huleta kizazi cha ziada, na kizazi hicho kimoja kinatosha kuleta mlipuko.

Rudi sasa kwenye stoo. Ukimnasa yule jike Januari, mtego mmoja umefuta panya 150 wa Agosti. Mtego uleule ukinasa Agosti, umepunguza mmoja. Na tuseme Agosti unakasirika kweli, unaua nusu yao usiku mmoja. Wanabaki 76, na kati yao majike 6 wako tayari kuzaa. Septemba wako 112. Oktoba mabinti wa Juni nao wameingia, wazazi ni 12, jumla 184. Umefanya kazi kubwa, na baada ya miezi miwili wako wengi kuliko ulipoanza.

Kwa hiyo zile dalili ndogo ndizo za kufanyia kazi. Nyunyiza unga kidogo kando ya ukuta jioni, asubuhi utaona nyayo na njia wanayopita. Kinyesi kipya ni cheusi na laini. Cha zamani kimekauka na kinavunjika. Tega kwenye njia hiyo, mtego ukiwa umeugusa ukuta, maana panya hutembea akiambaa ukuta na si katikati ya chumba. Chambo cha karanga zilizosagwa na pumba za mahindi kinawavuta vizuri, na ndicho watafiti wa Morogoro hutumia. Ukimnasa mmoja usikunje mitego. Iache usiku kadhaa, kwa sababu uliyemnasa anaweza kuwa dume, na jike mwenye mimba bado yuko nyuma ya magunia.

Shambani, wakati mzuri ni kabla ya kupanda, Oktoba na Novemba. Panya hufukua mbegu na kula miche ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa hiyo ukisubiri uone mashimo matupu kwenye mistari ya mahindi, unachofikiria tena ni mbegu ya kurudishia.