Kizidishi Kinachosahaulika katika Kanuni ya Mnyororo

Kanuni ya mnyororo hutumika kutafuta kiwango cha mabadiliko cha fanksheni iliyobeba fanksheni nyingine ndani yake. Mfano unaokutwa mara nyingi katika mazoezi ya kidato cha tano ni y = (3x² + 1)⁵. Nje kuna kipeo cha tano, na ndani ya mabano kuna 3x² + 1. Kanuni inataka mambo mawili: kwanza kukishughulikia kilicho nje huku cha ndani kikiachwa kama kilivyo, kisha kuzidisha kwa kiwango cha mabadiliko cha hicho cha ndani. Kosa linalojitokeza kuliko mengine ni kuishia hatua ya kwanza. Mwanafunzi huandika:

dy/dx = 5(3x² + 1)⁴

na kupigia mstari, ilhali jibu ni:

dy/dx = 5(3x² + 1)⁴ × 6x = 30x(3x² + 1)⁴

Chanzo cha kosa si uvivu. Kabla ya kufika hapa, mwanafunzi amefanya mazoezi mengi ya x⁵ yanayotoa 5x⁴: kipeo kinashuka mbele, kisha kinapungua kwa moja. Hata pale palikuwa na kizidishi cha ndani, ila kiwango cha mabadiliko cha x kwa x ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakuonekani. Mkono umezoea kufunga kazi mahali ambapo sasa kazi imefika nusu.

Baiskeli inaonyesha kwa nini nusu hiyo haiwezi kuachwa. Tuseme pedali ikizungushwa mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 3, na kila mzunguko wa gurudumu huisogeza baiskeli mita 2. Kwa kila mzunguko wa pedali baiskeli husogea mita 3 × 2, yaani 6. Anayejibu mita 2 ametaja ukweli wa gurudumu, lakini swali lilihusu pedali. Vivyo hivyo, 5(3x² + 1)⁴ inaeleza jinsi y inavyobadilika mabano yanapobadilika, ilhali swali linauliza y inabadilikaje x inapobadilika. Alama za Gottfried Leibniz, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 17, huliweka jambo hili wazi. Mabano yakiitwa u, basi dy/dx = dy/du × du/dx.

Siku hizi zoezi humfikia mwalimu likiwa picha iliyopigwa kwa simu, na picha ina mitego yake. Kizidishi 6x kwa kawaida huandikwa mwishoni mwa mstari, upande wa kulia, na huo ndio upande unaokatwa kirahisi daftari linapopigwa picha kwa haraka. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba kizidishi kimesahauliwa, mwalimu makini huteremka kwenye mstari unaofuata. Mstari huo ukianza na 30x, mwanafunzi alizidisha sawasawa na kosa ni la kamera. Ukirudia 5(3x² + 1)⁴, au ukiingiza thamani ya x moja kwa moja humo, kizidishi hakikuwapo kabisa. Vipeo navyo husumbua, kwa kuwa 4 na 5 zilizoandikwa ndogo juu ya mabano hufanana picha ikiwa na ukungu. Picha ya ukurasa mzima, iliyopigwa kutoka juu kwenye mwanga wa dirisha, humwondolea mwalimu kazi ya kubahatisha.

Kuna kosa la jirani ambalo halifai kuchanganywa na hili. Baadhi huandika 5(6x)⁴. Huyo amekumbuka kwamba cha ndani kina kiwango chake, ila amekichomeka ndani ya mabano badala ya kukiweka pembeni na kuzidisha. Maelezo anayoyahitaji ni tofauti, na mwalimu akiwapa wote wawili maneno yaleyale, mmoja wao atabaki palepale.

Maandishi ya mwalimu kwa darasa yanaweza kuwa mafupi kama haya:

“Wanafunzi, katika picha nyingi za swali la pili, mstari wa kwanza una 5(3x² + 1)⁴. Hiyo ni sahihi hadi hapo: kipeo kimeshuka vizuri na mabano hayakuguswa. Kilichobaki ni kuzidisha kwa kiwango cha mabano yenyewe, ambacho ni 6x. Jipimeni kwa x = −1. Je, grafu hapo inapanda au inashuka? Rudieni swali, mkiandika u, dy/du na du/dx kila kimoja kwenye mstari wake, kisha mtume picha upya.”

Hakuna jina la mwanafunzi, wala jibu zima halikuandikwa. Uzito wake umo katika kipimo cha x = −1. Kwa kuwa x imepandishwa kipeo cha pili, y ina thamani ileile kwa −1 na kwa 1, ambayo ni 4⁵, yaani 1024. Katika x = 0, y ni 1. Basi grafu inateremka kutoka kushoto hadi sifuri, halafu inapanda. Jibu pungufu linatoa 5 × 256 = 1280 katika x = −1, namba chanya, kana kwamba grafu inapanda mahali inapoteremka. Jibu kamili linatoa −7680. Katika sifuri nako jibu pungufu linatoa 5, ilhali huko ndiko chini kabisa mwa grafu, mahali ambapo mteremko ni 0.

Asiyeridhika na mchoro anaweza kutumia kikokotoo. Kwa x = 1.001, y inakuwa takriban 1031.707. Ongezeko ni 7.707 kwa hatua ya 0.001, sawa na kama 7707 kwa kila kimoja. Namba hiyo iko karibu na 7680 na iko mbali sana na 1280. Tofauti ndogo iliyobaki inatokana na ukubwa wa hatua, na hupungua hatua ikifanywa fupi zaidi.

Uchaguzi wa maswali nao una uzito. Katika (x + 7)⁵ kiwango cha mabano ni 1, hivyo anayesahau kizidishi hupata 5(x + 7)⁴ na alama zote. Zoezi lililojaa maswali ya namna hiyo haliwezi kulifichua kosa, linalipalilia. Swali la (2x + 7)⁵ tayari linatosha, kwa sababu jibu lake ni 10(2x + 7)⁴.

Kosa hurudi kwa sura nyingine baada ya vipeo kueleweka. Kwa sin 4x huandikwa cos 4x pekee, badala ya 4 cos 4x. Hurudi kwa nguvu zaidi pale tabaka zinapokuwa tatu, kama katika sin³ 2x. Nje kuna kipeo cha tatu, kinachotoa 3 sin² 2x. Katikati kuna saini, inayotoa cos 2x. Ndani kabisa kuna 2x, inayotoa 2. Jibu ni 6 sin² 2x cos 2x. Wengi walioshinda swali la mabano huvuka tabaka mbili za kwanza salama, kisha huiacha ile 2 ya mwisho, na picha huonyesha 3 sin² 2x cos 2x. Kuandika kila tabaka kwenye mstari wake kunasaidia hapa kuliko popote, kwa kuwa mistari mitatu lazima itoe vizidishi vitatu, na mwalimu anaweza kuvihesabu hata kwenye picha yenye ukungu.