Deni la Ndani Hufutwa, Hasara Yake Hubaki

Tuseme kampuni mama inayotengeneza mabomba ya maji iko Nairobi, na kampuni yake tanzu ina ghala Dar es Salaam. Mwezi Machi, Nairobi inapeleka Dar mzigo wa shilingi milioni 10 za Kenya kwa mkopo, na ankara inaandikwa kwa pesa ya Kenya. Siku hiyo shilingi 1 ya Kenya ni sawa na 18 za Tanzania (namba hizi nimezichagua ili zigawanyike kirahisi). Basi vitabu vya Dar vinaandika mzigo wa milioni 180 na deni la milioni 180.

Kampuni hizi mbili zinatumia mfumo mmoja wa ERP, yaani programu inayobeba mauzo, manunuzi, ghala na leja za kundi zima. Kila ingizo la biashara ya ndani hutiwa alama ya kampuni ndugu iliyo upande wa pili. Kwenye SAP sehemu hiyo huitwa Trading Partner. Mtu akiiacha wazi, mfumo hauna njia ya kujua kwamba deni hili ni la ndani, nalo litabaki kwenye hesabu za kundi kana kwamba linadaiwa na mtu baki.

Ikafika 31 Desemba, na deni bado halijalipwa. Sasa shilingi 1 ya Kenya ni 20 za Tanzania. Kabla ya jambo lingine lolote, Dar lazima ilithamini deni lake upya, maana linadaiwa kwa pesa ya Kenya. Milioni 180 zinakuwa milioni 200, na zile milioni 20 zilizoongezeka ni hasara ya mwaka. Mzigo ghalani haupandi. Unabaki na bei ya siku uliponunuliwa.

Baada ya hapo ndipo vitabu vya Dar hugeuzwa kuwa shilingi za Kenya ili viunganishwe na vya Nairobi. Mali na madeni hugeuzwa kwa bei ya siku ya mwisho, mapato na matumizi kwa wastani wa mwaka, na tofauti inayotokana na bei hizi mbili huwekwa kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji. Deni la milioni 200 likigawanywa kwa 20 linatoa milioni 10 kamili. Nairobi nayo inadai milioni 10. Zinafutana, kwa kuwa kundi haliwezi kujidai lenyewe.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Husema deni likishafutwa, na hasara yake ifutwe. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inakataa, nami naona iko sahihi. Hasara ile, kwa wastani wa 19, ni kama shilingi milioni 1.05 za Kenya, na inabaki kwenye matokeo ya kundi. Sababu yake ipo sokoni: Dar inauza mabomba kwa shilingi za Tanzania, na sasa lazima ikusanye milioni 200 badala ya 180 ili ilipe deni lilelile. Kundi limeumia kweli, hata kama mdai na mdaiwa ni ndugu. Ingekuwa mkopo wa muda mrefu ambao hakuna mpango wala dalili ya kuulipa, tofauti ingepelekwa kwenye ile akiba ya mtaji. Deni la biashara kama hili halina nafuu hiyo.

Sasa tuseme mhasibu wa Dar amesahau kulithamini deni upya. Milioni 180 zikigawanywa kwa 20 zinatoa milioni 9, ilhali Nairobi inadai 10. Milioni 1 inaning'inia. Watu huanza kusaka ankara iliyopotea usiku kucha. Mimi ningeanza kwa kulinganisha pande mbili kwa pesa ya ankara yenyewe. Zote zikisoma milioni 10 za Kenya, hakuna karatasi iliyopotea. Kosa liko kwenye kuthamini. Na 9 kwa 10 ni uwiano uleule wa 18 kwa 20, kwa hiyo hata bei iliyosahaulika inajitaja. Tofauti ikiwa ndogo mno, tazama jedwali la bei: huenda upande mmoja umeingiza bei ya Benki Kuu ya Kenya na mwingine ya Benki Kuu ya Tanzania.

Nimeona milioni kama hiyo ikisukumwa kwenye akaunti ya muda ili vitabu vifungwe, na iliniuma. Februari Dar inapolipa, milioni 200 zinatoka benki kufuta deni lililoandikwa 180. Hasara ya milioni 20 inaangukia mwaka mpya, huku faida ya mwaka uliopita imeshatangazwa na pengine gawio limeshalipwa.