Fahamu: Kichwa cha heroe kinavyorekebishwa kwa kipande, si kwa picha nzima

Una picha ya Ziwa Nakuru yenye upana wa pikseli 6,000. Doa limefunika kichwa cha heroe mmoja, pikseli 150 tu. Programu ya akili unde kama Stable Diffusion XL huchora vizuri kwenye pikseli 1,024 hivi. Ukiipunguza picha nzima ifike hapo, kichwa kinabaki na pikseli kama 25, na jicho halichoreki.

Kwa hiyo unakata mraba wa pikseli 512 kuzunguka doa, unaukuza hadi 1,024, kisha unachora upya kichwa peke yake, sasa kikiwa na pikseli 300. Kipande kinarudishwa kwenye ukubwa wake na kubandikwa palepale. Kinachobandikwa ni sehemu iliyochorwa tu, kingo zikiwa zimefifishwa. Katika AUTOMATIC1111, chaguo la kuchora kwa kipande hivi huitwa `Only masked`.

Usikate karibu mno. Programu isipoona shingo wala maji, huweza kukuchorea heroe mzima, mdogo, mahali pa kichwa. Jicho lifanyie raundi ya pili, kwa kipande kidogo zaidi na `Denoising strength` ya 0.3 hivi.

Kagua kwa ukubwa wa asilimia 100. Kiraka hujulikana kwa ulaini: chengachenga za kamera hazipo, basi ziongeze. Angalia mdomo pia. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokoza; heroe mkubwa ana wa waridi wenye ncha nyeusi, na programu huwachanganya. Hata ukipatia, jicho hilo limebuniwa, kwa hiyo picha hiyo haifai kwa habari.