Usukani Uliokataliwa na Windows

Mpwa wangu alipata usukani wa gemu uliokwishatumika, wenye pedali mbili na mota ndani inayoutikisa gari likipanda ukingo wa barabara. Akauchomeka kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, yenye Windows 11, akaweka draiva iliyokuja na sidii ya mwaka 2009, kisha akafungua gemu lake la mbio za magari. Badala ya gari kuwaka, kikatokea kidirisha kilichoandikwa "A driver cannot load on this device", na chini yake jina la faili na kinga iliyolizuia: Memory integrity. Wenzake wote walimpa dawa moja, aizime hiyo kinga. Akanipigia simu: "Mjomba, nikiizima kuna shida?"

Nilimwomba asubiri nifike. Kompyuta hiyo ndiyo dada yangu anayofanyia hesabu za duka na kuingilia akaunti ya benki.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa. Tofauti yake na programu nyingine ni mahali inapofanyia kazi. Gemu au programu ya kuandikia barua huishi katika eneo lenye mipaka, lakini draiva nyingi huingia hadi kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo nywila, faili na hata programu ya kukamata virusi viko chini ya mamlaka yake. Anayetawala huko ametawala kompyuta nzima.

Memory integrity inalinda kiini hicho kwa kanuni moja. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. Ukurasa wa kiini unaoweza kuandikwa hauruhusiwi kutekelezwa kama programu, na ule unaotekelezwa hauruhusiwi kuandikwa. Kabla ukurasa haujapewa ruhusa ya kutekelezwa, sahihi ya kidijitali ya programu yake hukaguliwa kwanza. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mkaguzi hakai ndani ya kiini. Anakaa chini yake, katika sehemu iliyotengwa kwa uwezo wa prosesa yenyewe, hivyo hata mhalifu akiingia kwenye kiini hawezi kubadilisha uamuzi wa mkaguzi.

Draiva ya 2009 haikuwa na uovu wowote. Iliandikwa wakati ambapo kuomba kumbukumbu ya kuandikwa na kutekelezwa kwa pamoja lilikuwa jambo la kawaida. Aina ya kumbukumbu ya kiini isiyotekelezwa ililetwa na Windows 8, mwaka 2012. Aliyeiandika hakuvunja sheria, ila sheria ilikuja baada yake.

Kwa nini basi nisimwambie mpwa wangu azime, kwa kuwa draiva yake haina ubaya? Kwa sababu swichi hiyo haiandikwi jina la usukani. Ukiizima, umeizima kwa kila draiva itakayoletwa kwenye kompyuta hiyo, ikiwamo ile atakayoileta mwizi mwenyewe.

Na wezi huleta kweli, mara nyingine kutoka kwenye magemu. Septemba 2016, sasisho la Street Fighter V kwa kompyuta lilikuja na draiva ya kuzuia udanganyifu iitwayo Capcom.sys. Ilikuwa na sahihi halali, lakini ilikubali kutekeleza ndani ya kiini maagizo ya programu yoyote iliyoiomba. Wenye gemu waliiondoa haraka, ila nakala zake zilikwisha kusambaa. Mwaka 2022, kampuni ya Trend Micro ilieleza jinsi wahalifu walivyotumia mhyprot2.sys, draiva ya kuzuia udanganyifu ya gemu la Genshin Impact, kuzima kinga za kompyuta kabla ya kufunga mafaili na kudai fidia. Aliyeshambuliwa hakuhitaji kuwa na gemu hilo. Wahalifu walikuja na draiva yao mkononi.

Visa hivi viwili havifanani, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Hila ya Capcom.sys inagonga mwamba Memory integrity ikiwa imewashwa, kwa kuwa maagizo ya nje hayana sahihi na mkaguzi hayaruhusu kutekelezwa ndani ya kiini. Mhyprot2.sys ilitumia kazi zake yenyewe zenye sahihi, na kanuni ya kurasa peke yake haiizuii. Kinachozuia draiva za namna hiyo ni orodha ya draiva zilizopigwa marufuku, inayoonekana kwenye skrini kama Microsoft Vulnerable Driver Blocklist. Kinga zote mbili zina mipaka, kwani orodha haiwezi kutaja draiva mbovu ambayo bado haijagunduliwa.

Jioni ile tulifungua Windows Security, tukaenda Device security, kisha Core isolation details. Chini ya Review incompatible drivers, draiva ya usukani ilikuwa imetajwa pamoja na faili la oem23.inf. Hiyo ndiyo dalili ya draiva iliyoandikwa kizamani. Lakini ukizima Memory integrity, ukawasha kompyuta upya, na draiva bado ikakataliwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba imo kwenye orodha ya marufuku. Hapo usiendelee kuzima kitu kingine. Draiva hiyo ina tundu linalojulikana.

Kuna mtego ambao mpwa wangu hakuujua. Alidhani angezima Ijumaa jioni, acheze, kisha awashe Jumapili. Kuzima ni rahisi, lakini Windows hukataa kuiwasha tena wakati draiva isiyoafikiana ingali imewekwa. Ingebidi aiondoe kila mara na kuirudisha kila mara, na kila zamu kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Kijana gani atafanya hivyo? Kuzima kwa siku mbili hugeuka kuwa kuzima kwa miaka.

Tulianza na njia nyepesi zaidi, kuiondoa draiva. Katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, tulihakikisha kwanza jina la mtengenezaji na tarehe, maana namba hutofautiana kwa kila kompyuta:

```
pnputil /enum-drivers
pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall
```

Baada ya kuwasha upya, Windows iliutambua usukani kwa draiva yake ya kawaida. Ulikata kona, pedali zikafanya kazi, vitufe vikaitika. Kilichopotea ni mtikisiko, kwa sababu mota ilihitaji draiva ya mtengenezaji, na yeye hakuwahi kutoa toleo jipya.

Kwa kompyuta yenye akaunti ya benki, mtikisiko wa usukani haustahili bei hiyo, na nilimwambia hivyo waziwazi. Jibu langu lingekuwa tofauti kama ingekuwa mashine ya magemu tu, isiyo na hati wala fedha za mtu. Hapo ningekubali izimwe kwa masharti: orodha ya marufuku ibaki imewashwa, na kijana atumie akaunti isiyo ya msimamizi. Sharti la pili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mhalifu naye huhitaji mamlaka ya msimamizi ili apakie draiva yake. Anayepakua gemu za kukraki na kubofya Yes kila anapoulizwa ruhusa, anampa mamlaka hayo kwa mkono wake.

Mpwa wangu hakuridhika na usukani usiotikisika. Tukaitoa stoo kompyuta ya zamani ya baba yake, yenye Windows 7, tukaweka draiva na gemu kutoka kwenye sidii, na waya wa mtandao hatukuuchomeka kabisa. Usukani unatikisika. Kwenye kompyuta ya dukani, Memory integrity imewashwa.