Sangara mwenye uzito wa chini ya sifuri

Mizani haipo, utepe wa kupimia upo, na sangara amelala juu ya ubao. Unaweza kukisia uzito wake? Watafiti wa samaki hufanya hivyo kila leo: hupima urefu, kisha hutumia kanuni inayogeuza sentimita kuwa gramu. Kanuni ya namna hiyo ndiyo wataalamu wa data wanaiita modeli. Kazi inayowasumbua ni kuamua iwe na ufundi kiasi gani, kwa sababu ikiwa nyepesi mno inakosea, na ikiwa na mbwembwe nyingi inakosea pia, ila kwa namna nyingine kabisa.

Tuchukue sangara wanane. Urefu wao ni sentimita 30, 40, 50, na kuendelea kwa kumi kumi hadi 100. (Wa 30 na wa 40 tuseme wametoka kwenye nyavu za utafiti, maana Ziwa Victoria sangara wa chini ya 50 ni marufuku.) Samaki akirefuka mara mbili huwa pia amenenepa mara mbili na kupanuka mara mbili, hivyo uzito unapanda mara nane. Kwa sangara, makadirio yasiyo mbali na ukweli ni haya:

W = 0.01 × L³

L ni urefu kwa sentimita, W ni uzito kwa gramu. Wa 50 anatoka kilo 1 na robo, wa 70 kilo 3.43, na wa 100 kilo 10. Nimewapa samaki wetu uzito huohuo ili tujue jibu la kweli. Sasa tujifanye hatulijui, tuwaachie watu wawili wakisie.

Wa kwanza anapenda mambo mepesi. Anaweka nukta nane kwenye grafu, anachora mstari ulionyooka unaopita karibu nazo kadiri inavyowezekana, basi. Katikati mstari wake unazidisha: sangara wa 60, mwenye kilo 2.16, anaambiwa ana kilo 3.09. Kwenye ncha unapunja: wa 100 anapewa kilo 8.53. Na yule mdogo wa sentimita 30? Mstari unasema uzito wake ni kasoro kilo moja hivi, yaani ukimweka kwenye mizani mshale urudi nyuma ya sifuri.

Wa pili hataki nukta hata moja imponyoke. Anatumia polinomia ya kipeo cha saba, mkunjo wenye namba nane za kurekebisha, moja kwa kila samaki. Unapita juu ya nukta zote nane bila kosa hata la gramu. Ukimhukumu kwa samaki aliowaona, ameshinda.

Hapo ndipo tunamleta samaki ambaye hakuna aliyemwona: sangara wa sentimita 110, ambaye kwa kanuni yetu ana kilo 13.31. Na tubadilishe kitu kimoja tu. Yule wa sentimita 70, kabla ya kunaswa, alimeza furu mmoja wa gramu 100. Ni jambo la kawaida. Sangara anaishi kwa kumeza samaki wenzake.

Kabla ya furu kumezwa, mkunjo ulikuwa unataja kilo 13.31 barabara. Baada ya kumezwa, unataja kilo 6.31. Gramu 100 tumboni mwa samaki mmoja zimeondoa kilo saba kwa samaki mwingine, na kwa upande wa kinyume: huyu amezidi uzito, yule amepungukiwa. Mara ya kwanza nilirudia hesabu nikidhani nimekosea alama. Sikukosea. Mkunjo unaolazimishwa kupita kila nukta hauna pa kuficha tofauti ndogo, kwa hiyo unajipinda, na kila ukitoka nje ya eneo la nukta ule upindo unakua.

Mstari ulionyooka je? Kwa samaki huyo wa 110 ulikuwa unataja kilo 9.89. Furu alipomezwa, jibu likasogea gramu 18. Haujali. Lakini umepungukiwa na karibu kilo tatu na nusu, na utapungukiwa hivyo kesho na keshokutwa.

Hizo ndizo sura mbili za kosa. Fikiria unarudi mwaloni siku kumi, kila siku unapima sangara wanane wapya na kuchora upya. Majibu ya mstari yatakaa pamoja, yote yakiwa yamekaa pembeni ya ukweli. Hilo tuliite kosa la kuelemea. Majibu ya mkunjo, ukiyatafutia wastani, hayako mbali na ukweli, lakini lenyewe kwa lenyewe kila moja limeruka huku au kule. Hilo ni kosa la kuyumba. Kosa la jumla, likipimwa kwa kipeo cha pili, ni kuelemea kwa kipeo cha pili, ongeza kuyumba, ongeza kile ambacho modeli yoyote haiwezi kukijua, kama vile nani amemeza nini.

Utajuaje unaumwa na lipi, ilhali katika maisha jibu la kweli hulijui? Ficha samaki mmoja. Tumfiche wa sentimita 100, tuchore kwa saba waliobaki (yule aliyemeza furu akiwemo), kisha tumfunue. Mstari unasema kilo 7 na nusu. Mkunjo unaopita nukta zote saba unasema kilo 13 na nusu. Mizani inasema 10. Halafu rudia, ukimficha kila mmoja kwa zamu yake. Mstari unakosea hata kwa samaki uliouonyesha, tena kwa mpangilio: unapunja kwenye ncha, unazidisha katikati. Mpangilio huo ndio dalili ya kuelemea. Mkunjo hauna kosa kwa waliojulikana, kisha unakosea vibaya kwa aliyefichwa. Pengo hilo ndilo dalili ya kuyumba.

Dawa zake hazibadilishani. Ukipima sangara 100 wa kila urefu badala ya mmoja, furu mmoja anapandisha wastani wa samaki wa 70 kwa gramu 1 tu, na lile kosa la kilo saba linashuka hadi gramu 70. Mstari haupati nafuu yoyote. Ungeupa hata samaki wa ziwa zima ungebaki kwenye kilo 9.89 zake. Nimeona watu wakitumia miezi kukusanya data zaidi kwa modeli iliyokuwa inaelemea tangu siku ya kwanza.

Kuna mtu wa tatu ambaye hatujamtaja. Yeye anajua kwamba samaki hukua kwa pande tatu, hivyo anashikilia kipeo cha tatu na kujitafutia namba moja tu, ile 0.01. Kwa samaki aliyefichwa anapata kilo 10 na gramu 35. Kwa yule wa 110, furu anamsogeza gramu 23. Modeli yake ina namba chache kuliko hata mstari, ambao una mbili, na bado umbo lake linapinda panapostahili.

Kipeo hicho chenyewe kinaweza kubishaniwa. Samaki hanenepi sawasawa maisha yake yote, na watafiti kwa kawaida hukiacha kipeo nacho kitafutwe kutoka kwenye data, kitoke chini au juu kidogo ya 3. Kwa sangara wanane ningekiacha kwenye 3. Kwa mia nane ningekifungulia, nifiche mia moja pembeni, nione kama wale mia wanakisiwa vizuri zaidi.